Jumla sahihi, makundi mabovu: kupanga makundi ya umri bila mgongano wala pengo

Tazama makundi haya sita, ya aina inayoonekana kwenye fomu nyingi:

| Kundi | Umri |
|---|---|
| 1 | Chini ya miaka 5 |
| 2 | 5–14 |
| 3 | 15–24 |
| 4 | 25–35 |
| 5 | 35–49 |
| 6 | Zaidi ya miaka 50 |

Mwenye miaka 35 yumo kundi la 4 na la 5 kwa pamoja. Mwenye miaka 50 hana kundi: la 5 limeishia 49, la 6 linataka mtu aliyezidi 50. Anayesoma jedwali kwa haraka haoni kitu, maana jicho hufuata mfululizo wa namba halichunguzi ncha zake.

Sasa chukua orodha ya watu 240 uwahesabu kwa makundi hayo, kila kundi kwa fomula yake. Tuseme umepata 28, 57, 49, 46, 41 na 19. Jumlisha: 240. Hesabu imetimia, unafunga faili. Kumbe kwenye orodha hiyo kuna watu sita wenye miaka 35, waliohesabiwa mara mbili, na watu sita wenye miaka 50, ambao hawakuhesabiwa kabisa. Waliozidi wamewafunika waliopungua. Takwimu sahihi ni 28, 57, 49, 40, 41 na 25. Kundi la wazee lilipungukiwa watu sita kati ya 25, karibu robo yake, na jumla haikusema neno.

Usidhani mfano huu umetengenezwa ili ukae sawa tu. Watu wanapotaja umri bila kuangalia cheti hupenda namba zinazoishia na 0 au 5. Mwenye 34 husema 35, mwenye 51 husema 50. Kwa hiyo umri wa 35, 40, 45 na 50 huwa na watu wengi kuliko umri wa jirani, na hapo hapo ndipo wengi tunapoweka mipaka ya makundi. Kosa la mpakani huangukia penye msongamano.

## Hatua ya 1: Amua "umri" maana yake nini

Kabla ya kugusa mipaka, andika sentensi mbili juu ya karatasi yako. Ya kwanza: umri ni miaka iliyotimia, yaani idadi ya siku za kuzaliwa ambazo mtu ameshazifikia. Aliyezaliwa miaka 14 na miezi 11 iliyopita ana miaka 14, basi. Hakadiriwi kwenda 15.

Sentensi hii ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Makundi ya 5–14 na 15–24 hayana pengo kama umri ni namba kamili. Lakini kama umri umeingizwa kwa desimali, mwenye 14.6 yuko juu ya 14 na chini ya 15, na kompyuta haitamtafutia mahali. Na ukikadiria 14.6 iwe 15, umeziba pengo kwa kumhamishia mtoto kundi lisilo lake.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Mzazi akisema mtoto "yuko mwaka wa tano" au "anaingia miaka mitano", mtoto huyo bado ana miaka minne iliyotimia. Karani akiandika 5, mtoto amevuka mpaka kabla ya wakati. Swali la kumaliza ubishi ni "Ametimiza miaka mingapi?", na bora zaidi ni "Alizaliwa tarehe ngapi?"

Sentensi ya pili: umri unahesabiwa kufikia tarehe fulani, moja, kwa watu wote. Hii ndiyo tarehe ya rejea. Bila hiyo, dawati la usajili litatumia siku mtu aliyofika, anayeandaa ripoti atatumia siku ya ripoti, na mtu yule yule atakuwa kundi la 2 kwenye daftari moja na kundi la 3 kwenye jingine. Fomula yenye `TODAY()` ni mbaya zaidi, kwa sababu kila ukifungua faili watu kadhaa wanakuwa wameshahama, na ripoti uliyoituma mwezi jana hailingani tena na faili iliyoizaa.

## Hatua ya 2: Andika mwanzo wa kundi tu

Mgongano na pengo vyote vina chanzo kimoja: kila mpaka umeandikwa mara mbili, mara ya kwanza kama mwisho wa kundi la chini, mara ya pili kama mwanzo wa kundi la juu. Namba mbili zinazotakiwa zikubaliane siku zote, iko siku zitagombana. Dawa ni kuandika mpaka mara moja. Orodhesha namba ambapo kila kundi linaanzia, na kundi liendelee mpaka kabla tu ya mwanzo wa linalofuata:

0, 5, 15, 25, 35, 50

Hapo huwezi kuweka mtu kwenye makundi mawili hata ukitaka. Mwenye 35 amefika mwanzo wa kundi la tano, basi yumo humo. Mwenye 34.9 hajafika, yuko la nne. Mwenye 50 ameingia la sita. Desimali hazisumbui tena, kwa sababu hakuna nafasi tupu kati ya "kabla ya 15" na "kuanzia 15".

Majina ya makundi yaandikwe baada ya hapo, kutokana na namba hizo, siyo kinyume chake: 0–4, 5–14, 15–24, 25–34, 35–49, 50 na kuendelea. Namba ya mwisho katika kila jina ni mwanzo wa kundi linalofuata ukitoa moja, na inasomwa kwa miaka iliyotimia. "5–14" maana yake ni tangu siku anapotimiza miaka 5 hadi mkesha wa siku anapotimiza 15.

Kwenye maneno, kuwa mkali. "Chini ya 5" haimchukui mwenye 5. "Zaidi ya 50" haimchukui mwenye 50. "Miaka 50 na kuendelea" inamchukua. Neno "hadi" liepuke pembeni mwa mpaka: "hadi miaka 5" kuna atakayesoma 5 imo, na kuna atakayesoma inaishia mlangoni, na wote wawili wana hoja. "Kati ya 5 na 15" ni hivyo hivyo.

## Hatua ya 3: Pata umri bila kukosea siku

Mipaka mizuri haitakusaidia kama umri wenyewe umekosewa kwa siku moja mpakani. Njia inayopendwa sana ni kutoa tarehe kwa tarehe kisha kugawanya siku kwa 365.25. Ijaribu kwa aliyezaliwa 10 Juni 2005, tarehe ya rejea ikiwa 10 Juni 2023. Siku hiyo ametimiza miaka 18. Siku zilizopita ni 6,574, kwa kuwa ndani ya kipindi hicho kuna miaka mirefu minne: 2008, 2012, 2016 na 2020. Gawanya kwa 365.25 upate 17.9986. Ukichukua namba kamili ni 17, na mtu mzima amerudishwa utotoni siku yake ya kuzaliwa.

Ukigawanya kwa 365 unaangukia upande wa pili: siku 6,570 zinatosha kumpa miaka 18, kwa hiyo mtu huyo anavuka mpaka tarehe 6 Juni, siku nne kabla. Na kutoa mwaka kwa mwaka, 2023 kutoa 2005, kunampa 18 tangu Januari.

Kwenye Excel tumia `DATEDIF`, inayohesabu siku za kuzaliwa zilizofikiwa. Weka tarehe ya rejea kwenye seli moja, tuseme H1, na tarehe za kuzaliwa kwenye safu ya B:

```
=IF(B2="","Haijulikani",DATEDIF(B2,$H$1,"Y"))
```

Kama Excel yako hutenganisha kwa nukta-mkato, badilisha mikato. Usiiondoe ile `IF` ya mwanzo ukidhani ni pambo. Seli tupu kwa Excel ni sifuri, na sifuri kwenye tarehe ni mwanzoni kabisa mwa mwaka 1900. Mtu asiye na tarehe ya kuzaliwa atapewa miaka zaidi ya 120 na kutupwa kimya kimya kwenye kundi la wazee. Ukiona kundi la juu limevimba bila sababu, anza kutafuta hapo.

Waliozaliwa 29 Februari wanahitaji uamuzi wako: katika mwaka mfupi wanatimiza umri 28 Februari au 1 Machi? `DATEDIF` huchagua 1 Machi. Kama kanuni zinazokuongoza zinasema vingine, fuata kanuni, na uandike.

## Hatua ya 4: Mpe kila mtu kundi moja kwa utafutaji, siyo kwa maswali

Fungua karatasi nyingine ndani ya faili hiyo, iite Makundi. Safu ya A weka mianzo, safu ya B weka majina, kuanzia mstari wa 2. Mianzo ipangwe kutoka ndogo kwenda kubwa, la sivyo utafutaji utatoa majibu ya ovyo bila kulalamika.

| A | B |
|---|---|
| 0 | Miaka 0–4 |
| 5 | Miaka 5–14 |
| 15 | Miaka 15–24 |
| 25 | Miaka 25–34 |
| 35 | Miaka 35–49 |
| 50 | Miaka 50 na kuendelea |
| 120 | Kagua |

Neno "Miaka" mbele ya namba lina sababu. Ukiandika 5-9 tupu kwa kistari cha kawaida, Excel huigeuza tarehe, na utakuta kundi lako linaitwa Mei au Septemba. Mstari wa 120 nao ni wavu wa kunasia makosa ya uchapaji na tarehe zilizopotoka. Nimeandika "Kagua" na siyo "Batili" makusudi, maana umri mrefu zaidi wa binadamu uliothibitishwa ni miaka 122, wa Jeanne Calment aliyefariki mwaka 1997.

Rudi kwenye orodha. Kama umri uko safu ya C, kundi ni:

```
=IF(ISNUMBER(C2),LOOKUP(C2,Makundi!$A$2:$A$8,Makundi!$B$2:$B$8),"Haijulikani")
```

`LOOKUP` inatafuta mwanzo mkubwa zaidi usiozidi umri wa mtu. Jibu ni moja tu. Aliyeandikiwa tarehe ya kuzaliwa iliyo mbele ya tarehe ya rejea atatoa kosa la `#NUM!` kwenye safu ya C na kuangukia "Haijulikani", kwa hiyo kundi hilo ulihesabu na kulionyesha kwenye ripoti kama mengine. Hao ni watu, na jumla haitimii bila wao.

Kwa nini tusitumie msururu wa `IF`? Kwa sababu `IF` husimama kwenye jibu la kwanza la kweli. Makundi ya 25–35 na 35–49 ukiyaweka kwenye msururu, mwenye 35 ataingia la kwanza, hakuna kurudiwa, na mgongano umefichwa badala ya kutatuliwa. Mwenzako akiandika msururu ule ule kuanzia kundi la juu kushuka, mwenye 35 anaingia la pili. Faili mbili, kanuni moja, majibu mawili.

## Hatua ya 5: Pima ncha

Wakati mwingine makundi umeyakuta tayari, na kazi yako ni kujua kama yana kasoro. Usipime kwa jumla; tumeona inavyodanganya. Pima kwa kuuliza kila umri: uko ndani ya makundi mangapi? Jibu pekee linalokubalika ni 1.

Andika makundi ya zamani kwenye karatasi iitwayo Zamani, mwanzo safu ya A, mwisho safu ya B. "Chini ya 5" ni 0 na 4. "Zaidi ya 50" ni 51 na namba kubwa kama 200. Kwenye karatasi ya tatu, safu ya A, panga umri 0, 1, 2 mpaka 100, na kwenye B2:

```
=COUNTIFS(Zamani!$A$2:$A$7,"<="&A2,Zamani!$B$2:$B$7,">="&A2)
```

Ivute mpaka chini. Kwa jedwali letu la mwanzo safu nzima itakuwa 1, isipokuwa mbele ya 35 utaona 2 na mbele ya 50 utaona 0. Hakuna cha kubishana tena.

Kisha ongeza mistari michache ya desimali: 4.5, 14.5, 24.5, 34.5, 49.5. Kwa makundi yetu, 34.5 itatoa 1, kwa bahati tu, kwa kuwa kundi la nne limefika 35. Nyingine zote zitatoa 0. Sifuri hizo zinakuambia kwamba makundi haya yanategemea umri wa namba kamili, na kama kuna mahali mfumo unapokea desimali, watu watapotea hapo. Ziache kama onyo ikiwa umri wako umetoka `DATEDIF`. Zishughulikie ikiwa umetoka popote pengine.

## Wanapohusika watoto wadogo

Kwa watoto kipimo hubadilika kuwa miezi, na hapo ndipo makosa hujaa. Kunyonya maziwa ya mama pekee kunapimwa kwa watoto wa miezi 0–5, yaani ambao hawajatimiza miezi sita. Lakini kwa kuwa watu husema "miezi sita ya kwanza", fomu nyingi huandika 0–6, kisha kundi linalofuata likaandikwa 6–23. Mtoto wa miezi sita anaingia kote, na anaharibu takwimu zote mbili: huyu ndiye ameanza kupewa uji, na anahesabiwa miongoni mwa ambao hawakutakiwa kuonjeshwa. Mianzo sahihi ni 0, 6, 12, 24 na 60, na "chini ya miaka mitano" ni miezi 0–59. Badilisha `"Y"` iwe `"M"` kwenye `DATEDIF` upate miezi iliyotimia.

Angalia pia kundi maarufu la miezi 6–59. Linaacha watoto wa miezi 0–5 nje, ila hilo ni kusudi, kwa kuwa baadhi ya vipimo havitumiki kwao. Pengo la makusudi halina ubaya, sharti lipewe jina na idadi: "Miezi 0–5, hawakupimwa: 14". Lisipotajwa, anayekuja nyuma yako hatajua kama uliwaacha au uliwasahau.

## Ukitumia programu nyingine

Kila programu ina mazoea yake mpakani, na hayafanani. `BETWEEN` kwenye SQL inachukua ncha zote mbili, hivyo `BETWEEN 25 AND 35` na `BETWEEN 35 AND 49` zinagongana kama fomu yetu, andika `umri >= 25 AND umri < 35`. `FREQUENCY` ya Excel hufunga upande wa juu, kwa hiyo mpaka wa 5 unamweka mwenye miaka 5 pamoja na walio chini yake.

`pd.cut` ya pandas nayo hufunga juu na kuacha wazi chini. Ukiipa mipaka 0, 5, 15, mwenye 5 anabaki kundi la kwanza, na mtoto mchanga mwenye 0 hapati kundi. Tena `value_counts` haionyeshi wasio na kundi usipoiomba, kwa hiyo watoto wachanga wote hutoweka bila ujumbe wowote. Igeuze hivi:

```python
mipaka = [0, 5, 15, 25, 35, 50, float("inf")]
df["kundi"] = pd.cut(df["umri"], bins=mipaka, right=False)
print(df["kundi"].value_counts(dropna=False, sort=False))
```

## Kama fomu zimeshajazwa

Tuseme kosa umeligundua baada ya watu kuweka vema kwenye visanduku vya 25–35 na 35–49. Kama mahali popote kwenye fomu kuna tarehe ya kuzaliwa au umri kamili, achana na visanduku na upange upya. Kama hakuna, waliokuwa na miaka 35 hawawezi kutenganishwa na wenzao, kwa kuwa kila mmoja alichagua kisanduku kwa hiari yake. Kuwagawa nusu kwa nusu ni kubuni data. Unganisha makundi hayo mawili yawe 25–49, ambalo lina mipaka safi, ukubali kupoteza undani.

Kwa aliyekosa kisanduku hali ni ngumu zaidi. Mwenye miaka 50 aliyekuta 35–49 na "zaidi ya 50" huenda aliruka swali, au akachagua kilicho karibu. Hesabu fomu zilizoachwa tupu kwenye swali hilo. Zikiwa nyingi kuliko zilizoachwa tupu kwenye maswali ya jirani, pengo limewala hapo. Hata hivyo usizihamishie kundi la wazee, kwani miongoni mwao kuna waliokataa kutaja umri. Ziende "Haijulikani".

Na ukishasahihisha mipaka, usiweke takwimu mpya kando ya za zamani kwenye chati moja. Kundi la 25–35 lenye watu 46 na la 25–34 lenye watu 40 yatasomeka kama watu sita waliondoka, na hakuna aliyeondoka. Rudi kwenye orodha ghafi ya kipindi kilichopita, ipitishe kwenye mianzo mipya, ndipo ulinganishe.